Tangazo la mayai: nililiandika mara tatu kabla halijafanya kazi

Kwenye ubao wa kantini yetu, pembeni ya mlango wa stoo, kuna karatasi inayobadilishwa kila siku kabla ya saa 11 alfajiri. Inahusu mayai tu. Wageni wakiiona huuliza kama tuna wazimu, ukurasa mzima kwa ajili ya mayai. Mimi ndiye meneja na ndiye ninayeiandika, kwa hiyo naomba nieleze ilikotoka, maana ilinigharimu fedha, heshima, na nusura inigharimu kazi.

Kantini yenyewe iko ndani ya kiwanda, upande wa Chang'ombe, Dar es Salaam. Asubuhi tunalisha watu kama 240, wa zamu ya usiku wanaotoka na wa mchana wanaoingia, kisha saa 4 wanakuja watu wa ofisini na mafundi. Chai, chapati, maandazi, na mayai, ama ya kuchemsha ama kimanda. Kimanda ndicho kinachotoka zaidi kwa sababu kinapikwa haraka.

Alhamisi moja tulipika kama kawaida. Usiku wake, saa 6, simu ikaita. Msimamizi wa zamu anasema vijana wake watatu wanaharisha na kutapika, mmoja ana homa kali. Kufika Ijumaa mchana idadi ilikuwa 17, wawili wametundikiwa dripu.

Kosa langu la kwanza nalisema wazi: nilitafuta wa kumsingizia. Nikasema ni maji, tenki la kiwanda halijasafishwa siku nyingi. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nilipiga simu jikoni nikaamuru kila kitu kisuguliwe kabla afisa afya hajafika. Ndoo, mabakuli, vikaango, meza, sakafu, vyote viling'ara. Afisa alipoingia akatazama, akaniuliza chakula cha jana kilichobaki kiko wapi. Hakipo. Ndoo ya mayai? Imeoshwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Dada, umenifutia nyayo za mwizi." Tangu siku hiyo kila tulichopika tunakiwekea sampuli, kipande kidogo kwenye kikopo safi chenye tarehe na saa, kinakaa kwenye friza siku 3 ndipo kinatupwa. Hakuna gharama, na ukipatwa na janga ndicho kitakachokutetea au kukuhukumu kwa haki.

Kwa kuwa hakuwa na chakula cha kupima, afisa alichukua sampuli za choo za wagonjwa, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaomba karatasi, akawauliza wagonjwa na wasioumwa pia, mmoja mmoja: ulikula nini, na saa ngapi. Alipomaliza akanisogezea ile orodha. Wote 17 walikula kimanda. Waliokula mayai ya kuchemsha hawakuumwa. Lakini zaidi ya hapo, kati ya wale 17, watu 15 walikula kuanzia saa 3:30 asubuhi kuendelea, na wawili saa 2:30. Waliokula kimanda saa 12 na saa 1, ambao walikuwa wengi kuliko wote, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Maji waliyokunywa ni yale yale. Mayai ni ya muuzaji yule yule, yaliletwa siku ile ile. Kilichotofautiana ni saa.

Tukamwita kijana anayevunja mayai, atueleze Alhamisi alifanya nini. Hakuficha kitu, kwa sababu hakuona kosa. Saa 10:30 alfajiri alivunja trei 4, mayai 120, yote kwenye ndoo moja, akayapiga, akaiweka ndoo pembeni ya jiko ili mpishi achote kwa upawa. Saa 2 ndoo ilikuwa imebaki theluthi, akaongezea trei 2 juu yake. Saa 4 watu wa ofisini walipokuja, walipikiwa kutoka kwenye ndoo hiyo hiyo, ambayo chini yake mlikuwa na mayai yaliyovunjwa saa tano na nusu zilizopita, kwenye joto la jiko, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Na mimi nilikuwa nikiipita ndoo ile kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Afisa afya akanifafanulia kwa utaratibu. Bakteria wa salmonela hukaa kwenye utumbo wa kuku. Anaweza kuwa juu ya ganda kwa sababu ya kinyesi, na anaweza kuwa ndani ya yai lenyewe, limetagwa naye, ganda likiwa safi kama kikombe. Yai la namna hiyo halinuki na halibadiliki rangi. Ukiliweka kwenye maji kuona kama litaelea, utajua tu kama ni la zamani, hutajua lina bakteria au halina. Likiwa zima, ute wake humzuia asizaliane kwa kasi. Ukishalipiga, kiini kikachanganyika na ute, ile kinga inavunjika, na sasa ana chakula tele. Kisha kuna hesabu. Kwenye joto kama lile tukadirie anajigawa mara mbili kila nusu saa. Saa tano na nusu ni nusu saa 11. Mmoja anakuwa wawili, wanne, wanane, na ukifika ya 11 umevuka 2,000. Yai moja bovu kati ya 120 ungempikia mtu mmoja, labda asiumwe hata huyo. Ukilimimina kwenye ndoo umewagawia wote.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki moja. Salmonela.

Gharama? Bili za zahanati zilifika laki sita na ushee, nikazilipa kutoka kwenye mapato ya kantini. Kifungua kinywa kilisimamishwa siku 9, na siku hizo wafanyakazi wangu wa asubuhi hawakuwa na posho. Kijana wa mayai alilia. Nilitamani kumfukuza ili ionekane nimechukua hatua. Aliyenizuia ni mpishi wetu mtu mzima, tunamwita Mama Mkubwa. Aliniambia, "Mwanangu, ukimfukuza huyu, ndoo itabaki." Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ndoo ilikuwa yangu. Niliinunua mimi.

Sasa tangazo. La kwanza niliandika Jumatatu tuliporudi, kwa hasira, herufi kubwa: mayai yote yashughulikiwe kwa usafi na uangalifu, mayai yote yaoshwe kabla ya kuvunjwa, atakayekiuka atachukuliwa hatua kali. Nikalibandika nikaona nimefanya kazi.

Asubuhi ya pili nikawakuta wanatii. Mayai 120 yako kwenye beseni la maji baridi, maji yamekuwa ya kahawia, unyoya unaelea juu, na dada wa sinki anayageuzageuza kwa mkono kama anaosha viazi. Yaliyooshwa yamerudishwa kwenye trei zile zile za karatasi, yakiwa mabichi yanadondosha maji, na trei zimelowa hadi zinalegea. Afisa alipopita kwa ukaguzi akakuna kichwa. Ganda la yai lina vitundu maelfu visivyoonekana kwa macho, na juu yake lina utando mwembamba unaoviziba. Ukiliosha unauondoa utando. Maji yakiwa baridi kuliko yai, kilichomo ndani kinasinyaa na kuvuta maji ya nje kuingia kupitia vitundu hivyo. Beseni la kinyesi lilikuwa linanyonywa na mayai yote, kwa amri yangu, yenye sahihi yangu. Yai lenye uchafu kidogo lifutwe kwa kitambaa kikavu au karatasi. Lenye kinyesi kingi lisipokelewe kabisa.

Tangazo la pili nikaamua liwe la kitaalamu. Nilikusanya kanuni 18, nikachapisha kwa herufi ndogo ili zitoshe ukurasa mmoja, nikaweka ndani ya plastiki. Wiki mbili baadaye nikaikuta chini ya mguu wa meza ya kukatia mboga, ile inayoyumba. Sikumlaumu mtu. Hata mimi nilipojaribu kukumbuka kanuni ya 11 sikuweza.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba mtu wa jikoni saa 10 alfajiri hataki kujua usafi ni nini. Anataka kujua leo anavunja mangapi, saa ngapi, kwenye bakuli lipi, na yakibaki afanyeje. Kesho mambo mengine: mayai machache, umeme umekatika usiku, kuna wageni wa mafunzo 60. Kanuni ya kila siku haiwezi kumwambia hayo. Kwa hiyo la tatu likawa la siku moja tu. Hili hapa ni la siku moja ya kawaida, majina nimeyaondoa:

TANGAZO LA MAYAI, LEO JUMATANO
Mayai ya leo: trei 7. Tumia kwanza trei 3 za juzi, zina alama ya chaki.
Mvunjaji: mmoja tu (jina). Hashiki chapati wala kachumbari mpaka amalize na kunawa kwa sabuni.
Kimanda: vunja trei 1 kwa mara moja. Kwanza kwenye kikombe, moja moja, ndipo bakulini. Bakuli likae ndani ya friji.
Bakuli la bluu, kisha jekundu, kisha bluu. Hakuna kuongezea juu ya yaliyobaki.
Bakuli likifika nusu saa, kilichobaki kipikwe kikauke au kimwagwe. Andika saa ubaoni.
Kimanda kigeuzwe. Katikati pasiwe na majimaji. Pima cha kwanza na cha mwisho wa kila bakuli: 74.
Ya kuchemsha: mkupuo wa kwanza saa 11:30, wa pili saa 1:30. Dakika 12 baada ya maji kuchemka tena. Yasimenywe kabla mteja hajaja. Yakikaa mezani kwa muda wa saa 2, yaondoke.
Mayonesi ya nyumbani: hakuna.
Umeme ulikatika usiku kwa saa 3. Mayai yaliyotoka jasho yapikwe leo, yasirudi kwenye friji.

Kila mstari una kisa chake, ila nitasimulia vichache vilivyonisumbua.

Mstari wa mabakuli mawili ya rangi si wangu, ni wa Mama Mkubwa. Mimi niliandika tu "msiongezee", na kila nikigeuka nakuta wameongezea, kwa sababu foleni ni ndefu na mkono una mazoea. Yeye akasema tununue mabakuli mawili, bluu na jekundu. Bluu likiisha linakwenda sinki, jekundu linaanza. Ukimwona mtu anavunja yai juu ya bakuli la bluu lililokwisha kuanza, unajua hata ukiwa mbali, huhitaji kuuliza. Mabakuli yote mawili yalikuwa shilingi 9,000. Ukisimamia jiko lolote, usiandike katazo ambalo huwezi kuliona likivunjwa.

Kuvunja moja moja kwenye kikombe kunachelewesha, nakubali. Tulipima: trei moja inachukua dakika mbili zaidi. Lakini yai viza likiingia kikombeni unamwaga yai moja. Likiingia bakulini unamwaga 30. Nawaonya tu, kikombe hakikamati salmonela, kinakamata viza, damu na vipande vya ganda. Kwa salmonela dawa ni bakuli dogo, muda mfupi na moto wa kutosha.

Moto ndio uliotuletea ugomvi. Kijana mmoja wa kaango, aliyewahi kufanya kazi hotelini, alisema kimanda kizuri kinabaki laini katikati na kwamba Wazungu wanakula mayai yenye kiini kinachomwagika na hawafi. Hakuwa mjinga. Nilipofuatilia nikakuta Uingereza kweli, mwaka 2017 mamlaka yao ya chakula iliruhusu hata wajawazito na wazee kula mayai laini, mradi yana muhuri wa simba, kwa kuwa kuku wa mayai hayo wamechanjwa dhidi ya salmonela na wanafuatiliwa tangu bandani. Mayai yangu yanakuja kutoka Kibaha yamefungwa nyuma ya pikipiki, hayana muhuri wa simba wala wa paka. Nikamwambia, siku nitakapoletewa yenye muhuri, atapika laini. Alicheka, akageuza.

Kipimajoto nilinunua cha sindano, na mwezi wa kwanza kilinidanganya. Kilikuwa kinasoma digrii 6 zaidi, kwa hiyo kimanda cha 68 kilionekana 74. Sasa kila Jumatatu tunakitia kwenye bilauri ya barafu iliyojaa na maji kidogo, tunakoroga, tunasubiri. Kisiposoma 0 tunakirekebisha. Ukikosa kipimajoto kabisa, angalia: ute usiwe na sehemu inayong'aa kama maji, kiini kiwe kimeganda, na ukikibonyeza kimanda kwa mwiko pasitoke kitu. Kimanda kinene na chipsi mayai ndivyo vinavyodanganya, kwa sababu nje hukauka huku ndani kati ya viazi kuna mayai mabichi. Hivyo vifunikwe, moto wa wastani, kisha vigeuzwe. Kimanda cha mayai mengi kwenye kikaango kidogo tumekiacha.

Mstari wa jasho ndio watu huniuliza zaidi. Yai likitoka kwenye friji kuingia kwenye hewa yetu ya pwani, baada ya muda mfupi linafunikwa na matone kama chupa ya soda. Maji hayo juu ya ganda yanampa bakteria njia ya kupitia vitundu kuingia ndani. Kulirudisha kwenye friji na kulitoa tena kesho ni kurudia mchezo huo. Umeme ukikatika saa nyingi, friji nayo inafanya hivyo hivyo yenyewe. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mlinzi wa usiku sasa ni umeme ulikatika saa ngapi, ukarudi saa ngapi. Kama huna friji ya kuaminika, afadhali mayai yakae stoo yenye ubaridi isiyopigwa na jua, joto lisipandepande, na ununue ya siku mbili tatu, kuliko kuyaingiza na kuyatoa.

Mayonesi ya nyumbani ni mayai mabichi yasiyopita motoni hata kidogo, na tulikuwa tukiiweka kwenye saladi ya kabichi mchana. Nilipoiondoa watu walinung'unika kama wiki moja. Tunanunua ya kopo sasa, imeingia kwenye bei, shilingi 100 kwa sahani.

Na kumwaga. Hapa sitadanganya, kunauma. Wiki za mwanzo tulimwaga mayai kama 40 kwa wiki, na kila nikimwona kijana anainamisha bakuli kwenye sinki moyo unaniruka. Kosa lilikuwa kwenye hesabu zangu. Nilikuwa naagiza kuvunja trei zima hata saa 3:30 wakati wateja waliobaki ni 15. Sasa tangazo linasema baada ya saa 3 vunja mayai 10 tu kwa mara moja. Tunamwaga matano, sita kwa wiki. Ukiona jikoni kwako wanaficha mabaki ili yasimwagwe, pengine kiasi ulichowaandikia ndicho kibaya.

Kuna jambo ambalo tangazo haliliponyi. Mpishi anaweza kupona tumbo na bado akawa anatoa bakteria kwa wiki kadhaa akiwa hajisikii chochote. Kati ya wale 17 hakuwemo mtu wa jikoni, lakini miezi minne baadaye dada mmoja aliharisha na akaficha kwa kuogopa kukosa posho. Nilikubaliana na wote kwamba anayeharisha anakaa nyumbani na posho yake anaipata, mpaka siku mbili zipite tangu tumbo litulie. Kabla ya hapo nilikuwa nawalipa watu ili waje wakiumwa, bila kujua.

Wiki iliyopita, siku ya Jumanne, mvua ilinikwamisha Mbagala nikafika saa 12 kasoro, karibu saa nzima baada ya muda wa tangazo. Njia nzima nilikuwa nawaza ubao mtupu. Nikakuta karatasi ipo, mwandiko wa kijana wa mayai, maneno ya Mama Mkubwa, unayasikia hata kwa kusoma: "Leo trei 6. Moja ilikuja na kinyesi, nimemrudishia mwenye pikipiki, amenuna. Friji ilizima saa 8 usiku. Bakuli la kwanza limeanza saa 11:50. Madam hajafika." Nikachukua kalamu nikafuta sentensi ya mwisho, nikatia sahihi.